Kabla ya upasuaji wa uso, tupime kwanza jicho linaloutazama

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya upasuaji rekebishi pamoja na ule wa kuboresha muonekano. Kwa sisi wa Mzenga, na kwa ndugu zetu wa Kibaha na Kisarawe yote, Mloganzila ni jirani. Jambo ambalo zamani lilisikika kama habari ya Uturuki au India sasa liko mwendo wa gari la asubuhi. Kwa aliyeungua moto, kwa aliyezaliwa na mdomo sungura na kwa aliyeumia ajalini, hiyo ni rehema.

Lakini huduma hiyo imeingiza pia ombi jipya ndani ya nyumba zetu. Binti anamwambia mama yake kuwa hawezi kuendelea kuishi na pua aliyonayo. Kijana anamwomba baba auze kiwanja ili akarekebishwe taya. Wazazi, wakishatulia, huuliza maswali mawili: itagharimu kiasi gani, na je, sheria ya dini yetu inaruhusu? Yote mawili ni maswali ya haki. Liko hata hivyo swali la tatu ambalo linapaswa kuyatangulia: je, huyu mtoto anaichukia pua yake kama watu wengi wanavyochukia kitu fulani katika sura zao, au ana maradhi ambayo kisu hakiwezi kuyaponya?

Mabinti wawili, pua moja

Natuchukue mfano. Mfano huu ni wa kutunga, lakini kila sehemu yake imetokana na dalili ambazo madaktari wa afya ya akili wanazijua vyema. Wapo mabinti wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Wa kwanza ana miaka 22, wa pili ana miaka 17. Wote wamerithi pua ya baba yao, pana kidogo, wala haina kasoro yoyote ambayo mgeni angeigundua.

Dada mtu haipendi pua yake. Mtani wake akimtania mbele za watu, hucheka huku moyo ukimuuma. Siku ya harusi hutumia muda kwenye kioo, akajipaka poda, akageuza uso huku na huku, kisha akatoka. Akishafika kwenye shughuli na ngoma ikashika kasi, amesahau kabisa kuwa ana pua. Ukimuuliza kama angependa iwe nyembamba, atasema ndiyo, kisha ataendelea na kazi yake ya kushona.

Mdogo wake ni habari nyingine. Tangu alipokuwa na miaka 13, huamka kabla ya adhana ya Alfajiri, si kwa ajili ya kisimamo cha usiku bali kwa ajili ya kioo. Huipima pua kwa vidole viwili, akaigusa, akaibana, akaitazama kutoka pembeni. Hupiga picha kwa simu mara thelathini na kuzifuta zote. Humuuliza mama, “Mama, pua yangu haijazidi leo?” Mama humjibu, “Pua yako nzuri, mwanangu,” naye hutulia kwa dakika tano, kisha huuliza tena. Darasani amehama kiti chake ili asikae upande wenye mwanga wa dirisha. Harusi ya binti wa shangazi yake hakwenda, akasingizia kichwa. Na hata nyumbani, akiwa na mama na dada zake tu, ambapo hakuna mtu wa kumsitiria uso, mtandio wake haushuki chini ya pua.

Pua ni ileile. Kama tatizo lingekuwa ndani ya pua, mabinti wote wawili wangeumwa sawasawa. Tofauti imo katika namna jicho na akili ya mdogo mtu zinavyoushughulikia uso wake.

Hali hii ya pili ni maradhi yenye jina. Daktari wa Kiitalia, Enrico Morselli, aliyaeleza mwishoni mwa karne ya 19, na leo huitwa dismofia ya mwili. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, yametajwa waziwazi kama ugonjwa unaojitegemea. Alama zake kuu ni tatu. Kwanza, mtu anashughulishwa mno na kasoro ambayo wengine hawaioni, au wanaiona kuwa ndogo sana. Pili, anarudiarudia vitendo fulani kwa sababu ya kasoro hiyo: kujitazama, kujificha, kujilinganisha na wengine, kuomba ahakikishiwe. Tatu, jambo hilo linamtesa, au linamkatia masomo, kazi, ibada na kuonana na watu. Zikikosekana alama hizo, tuna mtu asiyeipenda sura yake, na huyo si mgonjwa. Na pale kasoro inapoonekana wazi kwa kila mtu, kama kovu kubwa la moto au mdomo sungura, hiyo si dismofia, na kutafuta tiba ya upasuaji kwa hali kama hiyo ni jambo la kawaida.

Wazazi wasidhani kuwa haya ni maradhi ya wasichana peke yao. Wavulana huyapata kwa kiwango kinachokaribiana na cha wasichana. Kwao huangukia zaidi kwenye nywele zinazopungua, makovu ya chunusi au umbo la mwili. Kwa wengi huanza katika miaka ya balehe, na inakadiriwa kuwa watu kama 2 katika kila 100 wanayo. Katika kliniki za upasuaji wa urembo idadi hiyo huwa kubwa zaidi kwa mara kadhaa, kwa kuwa huko ndiko wanakokimbilia.

Ndugu wa waswasi wa udhu

Sisi watu wa msikitini tuna mlango wa kuyaelewa maradhi haya ambao wengine hawana. Kila msikiti umewahi kuwa na mtu mwenye waswasi wa tahara. Anaosha mkono mara tatu, anashuku, anarudia mara tano, mara kumi. Imamu amekwisha kutoa salamu naye bado yuko kwenye bomba. Tunajua pia kuwa kurudia hakumpi yakini. Kila anaporudia, shaka hupata nguvu, kwa sababu amekubali kwamba ilistahili kujibiwa.

Madaktari wameiweka dismofia ya mwili katika kundi moja na maradhi ya waswasi. Kioo kwa binti yetu wa miaka 17 ni lile bomba la udhu. Anakwenda kutafuta utulivu, anapata wa dakika chache, kisha anarudi akiwa na wasiwasi mkubwa kuliko wa mwanzo. Vivyo hivyo na jibu la mama, “Pua yako nzuri.” Ni jibu la mapenzi, lakini linafanya kazi ya kuongeza maji kwenye udhu usiokwisha.

Wanazuoni wa fiqhi humwelekeza mwenye waswasi asiigeukie shaka yake wala asirudie. Tiba ya kisasa ya mazungumzo inakaribiana sana na mwelekeo huo. Mgonjwa hufundishwa, hatua kwa hatua, kuacha kitendo anachokirudia na kustahimili wasiwasi mpaka upungue wenyewe. Hili si jambo geni katika elimu ya Waislamu. Abu Zaid al-Balkhi, tabibu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, alikwisha kuandika juu ya waswasi kama moja ya maradhi ya nafsi, na kumhimiza mwenye nao asijitenge na watu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu jicho la mgonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa picha za ubongo wa watu wenye dismofia wakitazama nyuso. Ilionekana kuwa akili zao hushughulikia uso kwa kuvichambua vijisehemu vidogovidogo hata pale ambapo wengine huona uso mzima. Kwa maneno mengine, binti yetu hasemi uongo anapodai kuwa pua yake imejaa uso. Hivyo ndivyo inavyomfikia. Simu nayo humzidishia, kwa sababu ukijipiga picha kwa umbali wa sentimita 30, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2018 na madaktari wa Marekani waliochoshwa na wagonjwa wanaokuja na picha za simu wakitaka wapunguzwe pua. Lakini dada yake naye ana simu hiyohiyo, na picha yake mbaya huifuta na kuisahau.

Kwa nini kisu hakimfai

Mtu anaweza kusema: kama pua inamtesa, basi ibadilishwe, apumzike. Hoja hiyo inaonekana ya huruma, lakini haifanyi kazi. Upasuaji hubadilisha nyama na mfupa, nao ugonjwa hauko huko. Wagonjwa wengi wa dismofia waliofanyiwa upasuaji au matibabu ya ngozi hawakupata nafuu ya maradhi yao. Baadhi huridhika kwa wiki chache, kisha wasiwasi hurudi palepale, kwamba daktari amekata kidogo au amekata kupita kiasi. Wengine huacha kuilalamikia pua wakahamia kwenye kidevu. Ndipo hutafutwa upasuaji wa pili na wa tatu, kiwanja kingine kikauzwa, na mahali pengine ugomvi mkali ukazuka na aliyewapasua.

Hatari ni kubwa zaidi pale mtu asipofika hospitali bali akaangukia mkorogo. Anayeamini kuwa ngozi yake ina madoa yasiyoonekana na wengine hujipaka krimu zenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo. Steroidi hukonda ngozi ikachanika kirahisi na kuota chunusi. Hidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Sasa doa lililokuwa la kuwaziwa limekuwa doa la kweli, na maradhi yamepata ushahidi wa kujitetea.

Hapa ndipo swali la sheria ya dini linapoingia, nalo lina utaratibu wake. Wanazuoni hutofautisha kati ya kuondoa dhara au aibu iliyompata mtu na kubadili umbo kwa ajili ya uzuri tu. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Swahaba Arfaja bin As’ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab. Aliweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Pua ya Arfaja ilikuwa imeondoka kweli, na kila aliyemtazama aliona. Katika suala la binti yetu, anayeshuhudia kuwa ipo aibu ni jicho lake peke yake, nalo ndilo linaloumwa. Kadhi hapokei ushahidi kabla ya kumchunguza shahidi. Basi na sisi tusimpelekee sheikh swali la pua kabla daktari hajalichunguza jicho linaloitolea ushahidi.

Kwa sababu hiyohiyo, kumkemea mtoto kuwa hamshukuru Mola wake hakumsaidii. Mwenye dismofia kwa kawaida anaona haya hata ya kuitaja shida yake, na hufikiri ataonekana mwenye kiburi cha urembo. Kemeo humfunga mdomo, naye hubaki peke yake na kioo. Dua na ruqya havina ubaya, ila visiwe sababu ya kuchelewesha matibabu.

Hatua za kufuata nyumbani na hospitali

Anza kwa kuuliza mahali pa faragha. Mama ndiye mwenye haki ya kwanza, lakini kwa binti wa kwetu Uzaramoni mara nyingine shangazi, bibi au somo wake hupata jibu ambalo mama hakulipata. Kwa mvulana awe mjomba au kaka anayemheshimu. Usibishane naye kama pua ni nzuri au mbaya. Uliza maswali manne: “Kwa siku unalifikiria jambo hili muda gani? Linakuzuia kufanya nini? Unafanya nini kulificha au kulikagua? Umeshawahi kutamani usiwepo kwa sababu yake?”

Kisha mshauri aandike kwenye daftari kwa wiki mbili, bila kumhukumu. Binti wa mfano wetu angeandika hivi kwa siku moja: alfajiri dakika 40, shuleni wakati wa mapumziko dakika 30, jioni dakika 20, kabla ya kulala dakika 90. Jumla ni dakika 180, yaani saa tatu. Katika maswali ya awali wanayotumia madaktari, kufikiria kasoro kwa saa moja au zaidi kila siku ni ishara ya kuchunguzwa zaidi. Dada yake, kwa siku za kawaida, asingefikisha dakika kumi. Wiki mbili za daftari huondoa mabishano mengi, kwa kuwa hesabu imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya tatu ni hospitali. Mnaweza kuanzia kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, na kwa walio upande wa Kibaha, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Ikihitajika mtapewa rufaa kwenda idara ya afya ya akili ya Muhimbili. Nendeni na lile daftari, na semeni wazi: “Anatumia saa tatu kwa siku kwa sababu ya pua yake, ameacha kwenda shughulini, na tunaomba achunguzwe waswasi wa muonekano.” Msiposema hivyo, mgonjwa kwa haya yake ataeleza chunusi au maumivu ya kichwa tu, naye atapewa dawa ya hayo.

Matibabu yenyewe ni ya aina mbili, na mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo tuliyoigusia. Binti hufundishwa kusimama umbali wa mkono kutoka kwenye kioo, kuutazama uso wote badala ya pua peke yake, kuueleza kwa maneno ya kawaida bila kuutukana, kisha kuondoka. Hupunguza vipimo vya vidole na picha kidogokidogo, na hurudi kwenye harusi akianza na ile ya watu wachache. Nyumbani mama naye hubadili jibu. Badala ya “nzuri”, husema kwa upole, “Mwanangu, tulikubaliana swali hili silijibu, njoo tupike.” Aina ya pili ni dawa, kama vile fluoksetini, ambayo daktari ndiye anayeipima na kuiongeza. Huchukua wiki 12 hadi 16 kabla ya kujua kama imefaa, hivyo msiache baada ya wiki mbili kwa kudhani haifanyi kazi, wala msiikatishe ghafla bila daktari.

Katika kipindi hicho wekeni ahadi moja ya kifamilia: hakuna upasuaji, hakuna sindano za urembo, hakuna mkorogo, mpaka matibabu yamalizike na yatathminiwe. Ahadi hii haimfungii mlango milele. Akishapona na bado akasema kwa utulivu kuwa angependa kumwona daktari wa upasuaji, basi mwende pamoja, na huko mweleze historia yote bila kuficha. Daktari mzuri wa upasuaji atauliza ni kitu gani hasa kinamsumbua, tangu lini, ameshafanyiwa nini kabla, na anategemea nini kibadilike katika maisha yake. Akijibu kuwa anataka mfupa wa pua upungue mahali fulani, hilo linaweza kuzungumzwa. Akijibu kuwa pua ikibadilika ndipo atakapoweza kutoka nje na kuolewa, daktari mwaminifu ataahirisha. Mkikataliwa kwa sababu hiyo, msiende kutafuta mwingine atakayekubali haraka.

Limebaki jambo ambalo halisubiri daftari wala wiki mbili. Watu wenye dismofia ya mwili hufikiria kujiua kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Kwa hiyo lile swali la nne liulizwe kwa maneno ya wazi, kwani kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Toeni nyumbani dawa za kupulizia mikorosho na za wadudu, vidonge na kamba, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Shughuli nyingine zote za familia, pamoja na ile hesabu ya kiwanja na upasuaji, zisubiri mpaka daktari amwone.